Jouli 3,498 zilizobaki kwenye maji

"Kama gesi ni ileile, inaanzia palepale na kuishia palepale, na jotoridi halibadiliki, mbona majibu ya kazi ni mawili? Zile jouli nyingine zimekwenda wapi?" Swali la mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabata.

Tuchukue moli moja ya gesi kamilifu ndani ya silinda iliyozamishwa kwenye maji mengi ya nyuzi 27, yaani kelvini 300, karibu sawa na hewa ya kawaida ya Dar es Salaam. Juu ya gesi kuna pistoni nyepesi isiyokwaruza, na juu ya pistoni hakuna hewa, kuna mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 iliyofungwa vizuri. Pistoni ina eneo la sentimeta za mraba 98, kwa hiyo uzito huo unaigandamiza gesi kwa takribani kilopaskali 1,000. Ujazo wake ni lita 2.49. Tunataka ifike kilopaskali 100, yaani ibaki mifuko miwili tu, na ujazo uwe lita 24.9.

Njia ya kwanza ni kuondoa mifuko 18 kwa mkupuo. Gesi inainua miwili iliyobaki kwa kimo cha mita 2.29, na kazi ni kanieneo la nje mara ongezeko la ujazo: kilopaskali 100 mara lita 22.45, jouli 2,245. Njia ya pili ni kupunguza uzito kidogo kidogo mno, kanieneo la nje likiwa chini ya la gesi kwa unywele tu kila hatua. Hapo kazi ni nRT ln(V2/V1), yaani 2,494 mara 2.303, jouli 5,743.

Nishati ya ndani ya gesi kamilifu hutegemea jotoridi pekee, na jotoridi la mwisho ni lile la mwanzo. Basi kila jouli ya kazi imelipwa na joto kutoka kwenye maji. Katika njia ya pili maji yametoa 5,743. Katika ya kwanza yametoa 2,245 tu. Tofauti yake, jouli 3,498, haikupotea njiani. Haikutoka kwenye maji hata kidogo. Kilichopotea ni nafasi ya kuigeuza kuwa kazi, na ukitaka kuiona, itazame ile mifuko 18 iliyoachwa chini bila kuinuliwa.

Sasa, hapa mjini nasikia hoja moja ikirudiwa na vijana wa uhandisi: fomula ya logi ni ya mtihani tu, kwa sababu hakuna anayeweza kutanua gesi kwa hatua zisizo na mwisho, kazi halisi ni ya kanieneo la nje. Hoja hiyo ina uzito wake. Ukiondoa mifuko 18 ghafla, gesi inaisukuma pistoni kwa nguvu inayozidi uzito uliobaki mara tisa. Pistoni inaruka, inapita alama yake, inarudi, inacheza juu na chini mpaka msuguano ndani ya gesi uitulize. Wakati huo gesi haina kanieneo moja la kutia kwenye fomula. Karibu na pistoni lina thamani hii na chini lina nyingine. Fomula ya logi haiwezi kutumika hapo. Ya kanieneo la nje inatumika bila kujali vurugu ya ndani, mradi usubiri pistoni itulie na jotoridi lirudi nyuzi 27. Tena njia ya polepole kabisa ina dosari ambayo hakuna mhandisi anayeweza kuifumbia macho: kazi ni kubwa, lakini muda hauishi, kwa hiyo kazi kwa kila sekunde inakaribia sifuri.

Hata hivyo, kuiita njia hiyo ndoto ni kutoielewa. Jaribu kuondoa mfuko mmoja mmoja, kila mara ukisubiri gesi itulie, na mfuko unaoutoa uusogeze pembeni kwenye rafu ya kimo kilekile. Ni hatua 18 tu, kila moja ikiwa ni utanukaji dhidi ya kanieneo lisilobadilika. Ukienda kutoka mifuko 20 hadi 19, kazi ni nRT mara 1/20. Kutoka 19 hadi 18 ni nRT mara 1/19. Hivyo hivyo hadi hatua ya mwisho, kutoka mitatu hadi miwili, ambayo ni nRT mara 1/3. Jumlisha sehemu zote, utapata 2.098, yaani jouli 5,232. Hiyo ni asilimia 91 ya kilele, na hatukuhitaji umilele wala mashine isiyowezekana. Njia mbili zinazogombaniwa ni ncha za barabara moja.

Kuna jambo ndani ya hesabu hii ambalo nadhani lingestahili muda mrefu zaidi darasani. Hasara iliyobaki ni jouli 511, na haikugawanyika sawa. Mfuko wa kwanza ulipotolewa tulipoteza kama jouli 3 tu. Wa mwisho ulipoteza jouli 180. Uzito ni uleule, kilo 50, lakini kuutoa kwenye 20 ni kupunguza kanieneo kwa sehemu moja ya ishirini, na kuutoa kwenye mitatu ni kulipunguza kwa theluthi. Mifuko miwili ya mwisho kutolewa peke yake ina zaidi ya nusu ya hasara yote. Kinachoamua ni uwiano wa kanieneo kabla na baada ya hatua, wala si ukubwa wa tofauti yenyewe, na ndiyo maana logi inatokea.

Safari ya kurudi inaonyesha zaidi. Rudisha mifuko 18 kwa mkupuo juu ya pistoni iliyo mita 2.29 juu: sasa mifuko 20 inashuka kimo chote hicho, na gesi inafanyiwa kazi ya jouli 22,448. Ilitupa 2,245 tu ilipopanda. Gesi imerudi kama ilivyokuwa, lakini jouli 20,203 za kazi zimegeuka joto ndani ya maji. Kwa mfuko mmoja mmoja, kurudi kunagharimu 6,355, na upungufu wa mzunguko mzima ni kama 1,120. Kwa njia ya logi ni 5,743 kwenda na 5,743 kurudi. Ni hiyo pekee ambayo haiachi alama popote.

Alama yenyewe inapimika. Entropi ya gesi inaongezeka kwa jouli 19.1 kwa kelvini kwa njia yoyote, kwa sababu inategemea mwanzo na mwisho tu. Maji yakitoa 5,743 yanapunguza 19.1, jumla sifuri. Yakitoa 2,245 yanapunguza 7.5 tu, na 11.7 inakuwa imezaliwa upya. Zidisha kiasi hicho kwa kelvini 300, bila kukata desimali, utarudi kwenye 3,498. Bila fomula ya logi, mhandisi anayekataa kuitumia hana namna ya kujua kwamba mkupuo wake umempa asilimia 39 tu ya kilichowezekana, wala ni hatua ipi ya kurekebisha kwanza. Katika mfano wetu jibu liko wazi: usihangaike na mfuko wa kwanza. Ule wa mwisho ugawe kwenye vifurushi kumi vya kilo 5, uvitoe kimoja kimoja, na hasara yake ya jouli 180 itashuka hadi takribani 20.