Sanduku la bati limewakosea nini?

Wiki hii kuna video imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyomo, hata lile la harusi. Bwana mmoja, ambaye kazi yake ni kuwapangia watu vitu vyumbani, amesimama mbele ya bomba la kutundikia nguo na kutuambia kwamba sanduku la bati ni ushamba. Litupeni, tundikeni kila kitu, chumba kitapumua. Na yeye mwenyewe kavaa sweta. Sweta, jamani. Hiyo baridi yake aipatie wapi mtu wa Mombasa, ambaye mwezi wa Mei mkanda wa ngozi unamwotea kuvu ukutani?

Binti wa kakangu akamsikiliza. Amepanga chumba Kisauni, futi 10 kwa 10, kitanda, mtungi wa gesi pembeni, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Akanunua bomba lile la kusimama lenye miguu miwili, akatundika kila alichonacho mpaka fulana za kulalia, na sanduku alilotoka nalo bweni akalisukuma nje barazani. Masika yalipoanza akanipigia simu: "Shangazi, hebu njoo uone buibui langu, limekuwa refu."

Si maneno ya utani, lilikuwa refu kweli. Buibui lenyewe ni la harusini, limetiwa mawe na shanga kuanzia mikono mpaka pindo. Mabegani palikuwa na vinundu viwili kama pembe za mbuzi, pale ncha za henga zilipokuwa zimesukuma kitambaa. Mshono wa bega la kulia ulikuwa umeanza kufunguka, nyuzi nje. Na pindo la mbele, ambalo fundi alilipima liguse kiatu, likawa linafagia sakafu. Tulilipima kwenye mizani ya duka la chini, likaja karibu kilo mbili. Kilo mbili zinaning'inia kwenye ncha mbili za plastiki, usiku na mchana, na kitambaa chenyewe ni kile laini cha kuteleza. Kingefanya nini zaidi ya kuvutika?

Hili ndilo bwana wa sweta hakulisema, na ndilo jambo lenyewe. Henga si heshima unayoipa nguo. Henga ni mzigo, na nguo ama inaubeba ama haiubebi. Ukitaka kujua, ishike nguo kwa mikono miwili upande wa bega, uivute. Ikikataa kunyooka, kama shati, kanzu, suruali ya kitambaa au koti, itundike. Imefumwa kwa nyuzi zilizopishana na zinashikana zenyewe. Ikinyooka halafu ikarudi polepole, kama fulana, sweta au lile gauni la kubana, ikunje. Hiyo imefumwa kwa vitanzi vidogo vidogo, na kila kitanzi kilichobeba uzito kinafunguka kidogo. Kisha kuna aina ya tatu, ambayo haivutiki ovyo lakini ni nzito: mabuibui ya mawe, magauni ya harusi. Hizo hukunjwa, hata kama kitambaa chake kinakataa kuvutika.

Dera lina vituko vyake. Likiwa kavu litundike tu, ni jepesi. Lakini madera mengi ni ya kile kitambaa laini ambacho kikilowa hupoteza nguvu zake, na maji nayo yameongeza uzito. Ukilianika kwenye henga linachuruzika, utalianua limeshuka upande mmoja. Lipitishe katikati kwenye kamba, likikauka ndipo uliinue kwenye henga.

Jinzi kunja, haina cha kupoteza. Leso sisemi: anayetundika leso ana lake jambo. Na zile henga za waya unazorudi nazo kutoka kwa dobi, zitupe leo. Kwa hewa yetu ya chumvi zinaota kutu, na kutu ikishika bega la kanzu nyeupe usiikimbilie na dawa ya klorini, itazidi kukolea. Paka ndimu na chumvi, weka juani, kisha suuza vizuri.

Basi tukalirudisha sanduku ndani. Kipimo kilikuwa rahisi. Henga ina upana wa kama sentimita 45, kwa hiyo bomba lazima lisogee sentimita 30 hivi kutoka ukutani, la sivyo mikono ya nguo inasugua chokaa. Nguo fupi zote tukazisukuma upande mmoja wa bomba, sare ya kazi na mablauzi, na chini yake pakabaki nafasi ya sanduku zima kuingia. Ndefu zikakaa upande wa pili. Chumba hakikupungua hata hatua moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sanduku linaweza kuua nguo. Lakini linaua kwa sababu ya mwenye nguo. Watu wanapiga pasi, nguo bado ina joto na mvuke, wanaikunja hapo hapo na kuifungia kufuli. Usiku bati linapoa, ule unyevu uliofungiwa unageuka matone chini ya kifuniko, unadondokea nguo ya juu. Baada ya wiki mbili unafungua unakutana na harufu ile unayoijua na vidoa vyeusi visivyotoka. Nguo ikitoka kwenye pasi iache kitandani au kwenye henga saa kadhaa ipoe kabisa, ndipo iingie. Na iwe imefuliwa. Kanzu uliyoivaa Ijumaa moja tu ukairudisha kwa kuwa "haijachafuka" itatoka na kola ya manjano, kwani jasho na mafuta ya shingo hubadilika rangi yakikaa.

Sanduku lenyewe tuliliinua juu ya matofali manne, tukalitenga na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, kwa sababu ukuta huo ndio unaokunywa mvua. Ndani tukatandika shuka kuukuu la pamba. Mifuko ya nailoni aliyokuwa akifungia nguo tukaitoa yote, inafungia unyevu. Buibui la mawe tukaligeuza ndani nje, tukalaza leso ya zamani katikati ya mikunjo ili mawe yasikwaruzane, likakaa juu kabisa, lisikandamizwe. Bega fundi amelishona. Urefu haurudi, itabidi apandishe pindo. Na kila mwaka, mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado kavu, atoe kila kitu kipate upepo kivulini kabla mvua hazijaingia.

Mende? Usiweke nguo yenye wanga, basi. Udi na karafuu vinanukisha, havikaushi.

Ila kwa vidonge vya naftalini sitanii. Kuna watu wengi hapa pwani waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD na hawajui kama wanao, na kwao naftalini inaweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi. Nguo za mtoto, shuka zake na leso utakayombebea zisilale na vidonge hivyo hata siku moja. Kama zimeshalala navyo, usimvishe kwa kuzikung'uta tu. Zifue, zianike nje mpaka harufu iishe yote, ndipo zimguse.