Bei ya dola ya miezi sita mbele: ubashiri au riba?

"Nimeuza mwani, nitalipwa dola 100,000 baada ya miezi sita. Benki imeniambia itazinunua siku hiyo kwa shilingi 2,635, na leo bei ni 2,600. Ina maana wameshajua shilingi itashuka? Au ndio wananipunja?" (Mfanyabiashara, Wete)

La kwanza ni rahisi: hawajajua kitu. Aliyekupigia hesabu hiyo anaweza kuwa hajasoma habari ya uchumi mwaka mzima. Anachohitaji ni bei ya leo, riba ya shilingi na riba ya dola, basi.

Tuchukue riba za mfano: benki zinakopeshana shilingi kwa 10% kwa mwaka na dola kwa 4%. Kwa miezi sita ni 5% na 2%. Benki ikishakuahidi kununua dola zako, haikai ikaomba dua bei isiporomoke. Leo hii inakopa dola 98,039, ambazo zikiongezwa riba zitafika 100,000. Inaziuza hapo hapo kwa 2,600, inapata kama shilingi milioni 254.9, inaziweka zizae 5%. Miezi sita ikitimia zimekuwa milioni 267.6. Dola zako zinalipa lile deni, nawe unakabidhiwa shilingi. Kwa maandishi:

```
2600 × 1.05 / 1.02 = 2676.47
```

Kwa hivyo zile 76 za juu ni tofauti ya riba tu. Kama mikataba ya miezi sita ingeuzwa kwa 2,600 ile ile, mjanja angekopa dola, angezigeuza shilingi, angekula riba kubwa, na dola za kulipia deni angekuwa ameshazifunga kwa bei ya leo. Faida bila hatari. Wenye mitaji wangeikimbilia hadi mwanya uzibe. Mchumi Keynes aliyaeleza haya mwaka 1923, na wachumi huuita usawa wa riba wenye kinga. Kinga yenyewe ni ule mkataba: bei imefungwa, hakuna anayebahatisha.

Lakini wewe umepewa 2,635, si 2,676. Shilingi 41 kwa kila dola ni milioni 4.1 kwa mzigo wako, na hapo naielewa hasira yako.

Upande wa benki una hoja. Jaribu kuifanya hesabu ile mwenyewe. Wewe dola hukopeshwi kwa 4%; tuseme unapewa kwa 8%. Amana yako ya shilingi nayo hailipwi 10%, labda 9%. Ukizungusha kwa riba hizo unaishia 2,612 na nusu. Benki imekupa zaidi ya hapo. Tena inabeba hatari kwamba mnunuzi wako atachelewa kulipa na dola zisifike siku ya mkataba. Basi bei yoyote kati ya 2,612 na 2,676 haivunji kanuni. Ikishuka chini ya 2,612, kataa, fanya mwenyewe.

Ila mimi siamini kwamba 41 zote ni gharama. Sehemu yake ni kukosa mshindani. Nenda benki ya pili, na usiulize "bei gani?" tu, uliza wametumia riba zipi. Anayejua kwamba unaweza kugawa 1.05 kwa 1.02 huongea nawe kwa adabu nyengine.

Kanuni ina udhaifu pale penye mzizi wake: inaanza na bei ya leo. Mwaka 2023 dola ziliadimika Tanzania, na waagizaji waliiona bei ubaoni bila kupata dola zenyewe. Bei isiyonunulika ukiiingiza kwenye hesabu, jibu halimsaidii mtu. Hata kwenye masoko makubwa, tangu msukosuko wa 2008 usawa huu haukai sawasawa, kwa sababu benki zenyewe hubanwa mitaji.

Wala usiifanye 2,635 kuwa utabiri. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda ghafla dhidi ya dola, wakati tofauti ya riba ilikuwa ikiashiria ishuke. Muuzaji wa bidhaa nje aliyefunga bei kabla ya hapo alicheka. Mwagizaji aliyefunga, ole wake.

Najua wengi hapa visiwani mtauliza: na sisi tunaokwepa riba? Fedha kwa fedha sharti iwe mkono kwa mkono, na mkataba wa kawaida unaahirisha pande zote mbili. Benki za Kiislamu hutumia ahadi ya upande mmoja, na mabadilishano hufanyika siku yenyewe. Wapo wanaoridhika, wengine wanasema ni jina tu limebadilika, maana bei ya ahadi kwa kawaida hupigwa kwa tofauti ile ile ya riba. Kwa umbo la mkataba hao wa mwanzo wana hoja. Kwa namba, hao wa pili ndio wakweli.