Acha kumuuliza "kazi ikoje", muulize siku ya kwanza alikabidhiwa nini

Kuna posti inazunguka kwenye magrupu ya ajira, ile ya maswali ya kumuuliza mfanyakazi wa kampuni kabla hujakubali ofa. Swali la kwanza eti "unapenda nini zaidi kuhusu kampuni yako?" La pili "utamaduni wa ofisi ukoje?" Hapo ndipo niliposonya. Huwezi kununua boda ya mkononi kwa kumuuliza muuzaji kama anaipenda, halafu wewe unataka kuingia mkataba wa mwaka mzima kwa maswali ya namna hiyo?

Na hasira yangu ina sababu. Mpwa wangu kapata ofa ya afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Dar, akamtafuta kaka mmoja anayefanya kazi hukohuko, akamuuliza maswali ya ile posti kama yalivyo. Jibu likaja: "Kazi nzuri dada, changamoto ni za kawaida tu, karibu sana kwenye timu." Akanitumia skrinshoti kwa furaha, "anko umeona?" Nimeona, ndiyo. Nimeona mtu hajajibu kitu. Na simlaumu huyo kaka, hamjui huyu binti, hajui skrinshoti itaishia kwa nani (imeishia kwangu, si unaona), na hakuna mtu mwenye akili atakayemwandikia mgeni kwenye Watsapu kwamba meneja wake anatukana watu kwenye kikao cha asubuhi.

Mimi hiyo kazi nimeifanya, nikawa supavaiza, nikaondoka. Kwa hiyo niseme ninachokijua: ukweli wa uafisa mikopo haukai kwenye mshahara wala kwenye "mazingira". Unakaa kwenye potifolio unayokabidhiwa, yaani wateja pamoja na madeni yao. Swali la kwanza liwe hili, "kaka, siku ulipoanza ulikabidhiwa wateja wa nani, na PAR yao ilikuwa asilimia ngapi?"

PAR ni asilimia ya salio lako lililo kwa wateja waliochelewa kulipa zaidi ya siku 30. Mtu aliyefanya hii kazi hawezi kulijibu hilo kwa "changamoto za kawaida". Namba yake anaikumbuka kwa sababu ilimnyima usingizi. Na ngoja nioneshe kwa nini, maana wengi wanasaini bila kupiga hii hesabu.

Tuseme umekabidhiwa wateja wenye salio la milioni 60. Ndani yake milioni 9 ni za watu waliochelewa zaidi ya siku 30. Na kumbuka inahesabiwa salio lote la mteja, siyo lile rejesho alilokosa tu, yaani mama aliyekwama kwenye rejesho la laki moja huku anadaiwa milioni moja na laki mbili, kwenye ripoti anasimama kama milioni moja na laki mbili. Kwa hiyo 9 kwa 60, PAR yako ni asilimia 15, na hujamkopesha hata mtu mmoja. Mkataba unasema komisheni unaanza kuiona PAR ikiwa chini ya asilimia 5. Ile komisheni waliyokupigia hesabu nzuri kwenye usaili, ile iliyofanya ukubali mshahara mdogo.

Unashukaje kutoka 15 mpaka 5? Njia zipo mbili. Ya kwanza ukusanye madeni yaliyooza, na ukipiga hesabu vizuri ni kama milioni 6 na laki 3, kutoka kwa watu ambao mwenzako aliyekutangulia alishindwa kuwapata, wengine wamehama mtaa, wengine simu haipatikani, mdhamini naye anasema yeye alisaini tu kumsaidia jirani. Njia ya pili ni kukopesha sana ili yale mabaya yaonekane madogo. Lakini milioni 9 iwe asilimia 5 inabidi salio lote liwe milioni 180. Yaani uongeze milioni 120 mpya juu ya zile 60, na hapo nimejifanya kama hakuna anayelipa, kumbe wale wazuri wanalipa kila wiki na salio linapungua, kwa hiyo ukikaa bila kukopesha PAR inapanda yenyewe hata kama hakuna mteja mpya aliyeharibika.

Sasa fikiria mtu mpya, ana presha, anapata wapi wateja wa milioni 120? Anakopesha yeyote. Mwenye mikopo mitatu sehemu nyingine, mwenye biashara ya kuazima siku ya ukaguzi, twende. Na uzuri wa ripoti (uzuri kwa bosi) ni kwamba mkopo mpya hauwezi kuoza leo, lazima kwanza ukose rejesho halafu zipite siku 30, kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo unaonekana shujaa, unapigiwa makofi kwenye kikao. Mwezi wa nne vinaanza kurudi. Ndiyo maana watu hawakai kwenye hizo nafasi, na ndiyo maana nafasi yenyewe ilikuwa wazi ukaitwa wewe!

Kwa hiyo akishakutajia PAR aliyokabidhiwa, unganisha hapohapo: je, PAR ya zamani ilitengwa au ilihesabika kwake toka mwezi wa kwanza? Zipo taasisi zinatenga, lazima niseme ukweli, zinampa afisa mpya miezi kadhaa madeni ya mtangulizi yasimhesabikie, au wanayapeleka kwa watu wa ukusanyaji. Ukisikia hivyo, hiyo ofisi ina mtu anayefikiri. Ukisikia "hapana, ukikabidhiwa ni yako", basi ile komisheni ifute kwenye bajeti yako, uangalie kama mshahara wenyewe mtupu unakutosha.

Swali la pili ninalolipenda kuliko yote, na hili usiulize kwa haraka, uliza mkiwa mmeshazoeana kidogo: "siku mbili za mwisho wa mwezi huwa mnafanyaje?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Kama mambo ni mazuri atakwambia tunafunga ripoti, tunachelewa kutoka, basi. Kama mambo ni mabaya atacheka kwanza. Kile kicheko ukikisikia tega sikio, maana kinachofuata ni habari za maafisa kuwalipia wateja marejesho kwa hela zao ili jina lisivuke siku ya 30, au meneja anaelekeza mkopo mbovu upangwe upya uonekane mpya, au watu wanakopeshana ofisini tarehe 30 na kudaiana tarehe 2. Nimewahi kuona kijana mshahara wake wote umekwenda kwa wateja kabla haujafika nyumbani, na kwenye karatasi ndiye alikuwa afisa bora wa tawi.

Ona kwamba sijasema umuulize "mnakatwa mishahara?" Ukiuliza hivyo atakataa, kwa sababu kweli hawakatwi, wanatoa wenyewe, kwa hiari yenye mikwara. Uliza "mteja wa mwisho kutoroka, nini kilitokea kwako wiki ile?" Tukio linasimulika, na mtu akisimulia tukio anajisahau kuficha. Na kama kweli wanakata, ujue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata tu kwa sababu hela imepotea: hasara iwe ni kosa lako, akuandikie ni kiasi gani na amekipataje, upate nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na makato ya deni hilo yasizidi robo ya malipo yako. Kwa hiyo akikwambia "mimi walinikata nusu", hapo umepata jibu kuhusu kampuni nzima, siyo kuhusu yeye.

Mengine ni ya haraka tu. Mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi (siyo "huwa unaingia lini")? NSSF umewahi kuangalia taarifa yako ukakuta michango ipo, au unaona tu makato kwenye salari slipu? Pikipiki ni ya ofisi au unaikatwa, na mafuta yanatosha mpaka tarehe ngapi? Vyeti vyako orijino wamevishika? Hilo la vyeti likijibiwa ndiyo, mimi nisingeendelea na maongezi, ningeaga.

Kuna watakaoniambia "lakini aliyeondoka ana kinyongo, atakuchafulia tu". Haya, sawa, wengine wana kinyongo kweli, na yupo aliyefukuzwa kwa kula marejesho ambaye leo anasema kampuni ni ya kishetani. Ndiyo maana namwambia mpwa wangu achukue tarehe na hela, maoni ayaache. Mtu mwenye hasira akisema "ni wezi" hiyo haina kazi. Akisema "niliondoka mwezi wa tatu, hela yangu ya mwisho wakanipa mwezi wa saba" hiyo unaweza kumuuliza mwingine. Mwenye hasira na mwenye woga wakikupa tarehe zinazofanana, kinyongo hakina nafasi hapo. Na tafuta aliyeondoka ndani ya mwaka huu, siyo wa enzi za meneja wa zamani, matawi hubadilika akibadilika mtu mmoja.

Kuwapata siyo kazi. Nenda siku ya kikundi, keti karibu na akina mama wanaosubiri kulipa, muulize mwenyekiti kwa heshima zote, "shikamoo mama, toka mwaka uanze mmebadilishiwa maafisa wangapi?" Najua mama siyo mfanyakazi wa pale, lakini atakuhesabia kwa majina, na atakwambia nani alihama na nani alikuja na polisi. Kutoka hapo unaomba namba ya aliyetoka karibuni, na nakuhakikishia vikundi huwa vinayo, kwa sababu afisa mzuri akihama wateja wanamfuata.

Mpwa nimempa hayo maswali mawili ya kwanza tu, PAR ya kukabidhiwa na mwisho wa mwezi. Safari hii alimpigia simu yule kaka badala ya kuandika, na simu haiachi skrinshoti. Kaka akafunguka: alikabidhiwa asilimia 22, na yeye ni wa tatu kwenye wateja walewale toka mwaka jana. Binti bado anaitaka kazi, nyumbani hali haimruhusu kuchagua sana na mimi sina cha kumbishia hapo. Ila kaandika barua pepe kwa watu wa rasilimali watu, kwa adabu, anaomba madeni yaliyozidi siku 90 yasihesabike kwenye PAR yake kwa miezi sita ya mwanzo, na iandikwe kwenye mkataba. Mpaka naandika hapa hawajajibu, na ofa inaisha Ijumaa.