Tawi linaongoza kwa alama, mlango wa dharura una kufuli

Makao makuu ya kampuni yenye matawi mengi hupenda jedwali moja katika ripoti ya usalama ya robo mwaka: nani kaongoza, nani kashika mkia. Wanaolitetea wana hoja. Mkurugenzi hasomi ripoti ndefu ya ukaguzi, lakini jina la tawi lililo chini kabisa ataliona, na huenda meneja wake, aliyeomba mara kadhaa fedha za kujaza mitungi ya kuzimia moto, akasikilizwa.

Tatizo ni jinsi alama zinavyopatikana. Tuseme kampuni inauza vifaa vya ujenzi na fomu yake ya ukaguzi ina maswali 50. Tawi la Tanga halina foklifti wala ghala la juu, hivyo maswali 10 yamejibiwa "haihusiki". Katika 40 yaliyobaki, 36 ni ndiyo: asilimia 90. Mbeya maswali yote yanahusika, ndiyo ni 44: asilimia 88. Tanga linaongoza. Ila mtu akigawanya kwa 50 bila kuondoa yasiyohusika, Tanga linaporomoka hadi 72, na hakuna kilichobadilika ghalani.

Sasa tutazame zile "hapana" zenyewe. Tanga zipo nne, na mbili kati yake ni mlango wa dharura uliotiwa kufuli na mtungi ambao mshale wake uko kwenye nyekundu. Za Mbeya ni sita, zote za mabango yaliyofifia na daftari la huduma ya kwanza lisilojazwa. Tukiyapa maswali ya hatari kubwa uzito wa 5 na mengine 1, na tukichukulia kwamba ya hatari ni 8 Tanga na 10 Mbeya, Tanga linapata 60 kati ya 72, yaani 83, na Mbeya 84 kati ya 90, yaani 93. Mpangilio umegeuka. Hata hivyo uzito nao ni uamuzi wa mtu, na asilimia 83 bado inasikika kama ufaulu mzuri kwa jengo ambalo watu hawawezi kutoka moto ukiwaka. Ndiyo maana naona kosa la hatari kubwa lipewe safu yake, lisichanganywe na mabango.

Halafu kuna mkaguzi. Katika fomu ya maswali 50, jibu moja ni asilimia mbili ya alama, na wakaguzi wawili huweza kutofautiana kwa zaidi ya hapo wakiingia ghala lilelile. Kutofautisha tawi la tatu na la nne kwa pengo hilo ni kubahatisha. Kuyagawa matawi katika makundi matatu kungetosha.

Alama zikifungwa kwenye bonasi, mameneja hujifunza fomu haraka kuliko usalama. Dalili ya kwanza ni "haihusiki" kuongezeka ilhali tawi halijabadilika. Ya pili ni taarifa za ajali zilizokaribia kutokea kupungua. Mimi jedwali ningelibakiza, lakini kando ya alama ningeweka siku ambazo kila kasoro ya hatari ilikaa bila kurekebishwa. Kufuli la Tanga likisoma siku 60, nafasi ya kwanza haitalificha.