Maji yaliyokwisha kupanda tangini hayahitaji betri

Mradi wa maji wa sola ukijadiliwa kijijini, swali la kwanza huwa ni lile lile: betri ziko wapi? Watu wameona sola za majumbani, wanajua bila betri taa haziwaki usiku, kwa hiyo wanadhani pampu ya kisima nayo lazima iwe na zake. Wapo pia wauzaji wanaofurahia kulijibu swali hilo kwa kuongeza kabati la betri kwenye bei. Mimi nasema waziwazi: kwenye kisima kirefu cha kijiji, betri ya kuendeshea pampu haina kazi pale. Fedha yake iende kwenye ujazo wa tangi, kwenye mabomba mapana na kwenye paneli za ziada.

Tuchukue kijiji cha watu 2,000 katika ukanda wa kati, Singida au Dodoma, ambako maji ya uhakika yako chini sana. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kwenda kuchota. Hapo tunahitaji lita 50,000 kwa siku. Pampu ikiwa kazini maji yanatulia mita 48 chini ya ardhi, na kutoka pale yanapandishwa hadi mdomo wa tangi. Ukijumlisha mwinuko wa tangi na msuguano wa bomba unapata kama mita 65. Kwa pampu nzuri ya kuzamisha, ambayo nusu ya umeme inayokula inapotelea kwenye mota na pampu yenyewe, kazi hiyo ya siku moja inakula kama uniti 18 za umeme.

Sasa angalia kinachobaki ndani ya tangi. Maji lita 50,000 yaliyokaa mita 12 juu ya ardhi yana nguvu isiyofika uniti 2, karibu sawa na betri mbili za gari zilizojaa. Ndiyo maana wanaopendekeza maji yashuke usiku kuzungusha jenereta na kuwasha taa za kijiji wanapoteza muda wao. Tangi halirudishi umeme. Linachotunza ni kazi iliyokwisha kufanyika: zile uniti 18 zimelipwa na jua la mchana, maji yameshatoka shimoni, na kinachobaki ni kufungua koki. Mama anayekuja na ndoo saa 12 asubuhi hahitaji umeme, anahitaji maji.

Mtetezi wa betri atasema betri za kisasa za lithiamu zinadumu miaka mingi kuliko zile za zamani za asidi, na ni kweli. Lakini angalia zinakwenda kufanya nini. Tuseme lita 20,000 zinachotwa alfajiri na asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Kuzipandisha wakati ule ule kwa betri kunahitaji uniti 7 hivi. Kwa betri za asidi za volti 12 na ampea-saa 200, ambazo hazifai kushushwa chini ya nusu, utahitaji angalau sita, na kwenye chumba cha bati chenye joto la Dodoma hazitamaliza umri ulioandikwa kwenye karatasi. Tatizo kubwa zaidi liko shimoni. Kisima chetu kina uwezo wa kutoa lita 6,000 kwa saa. Lita 20,000 ndani ya saa tatu ni zaidi ya uwezo huo. Hata ukiwa na betri za bure, foleni ya asubuhi inakulazimisha ujenge tangi. Na tangi likishajengwa, betri zinabaki kufanya kazi ambayo tayari ina mwenyewe.

Hapo kwenye uwezo wa kisima ndipo sola inapotaka akili zaidi, na ndipo nimeona miradi mingi ikiharibika. Jenereta la dizeli linaweza kusukuma taratibu kwa saa 12. Jua halikupi saa 12. Linapanda, linafika kileleni saa 6 mchana, linashuka. Ukipiga hesabu ya paneli kwa wastani wa siku nzima na kuiacha pampu ikimbie inavyotaka, mchana itavuta lita 10,000 au 11,000 kwa saa kutoka kisima cha lita 6,000. Maji shimoni yanashuka haraka, pampu inaanza kunyonya hewa na mchanga, na kihisi cha maji kinaizima kabla haijaungua. Dalili yake haifichiki: siku ya jua kali, saa 6 mchana maji yanakatika, baada ya muda yanarudi, kisha yanakatika tena. Kijijini watasema kidhibiti, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye pampu, kimekufa, na fundi asiyejua ataleta kingine. Lakini siku ya mawingu mepesi mradi ule ule unafanya kazi vizuri tangu asubuhi. Ukisikia maelezo hayo, usiguse kidhibiti, teremsha kamba ya kupimia kina.

Dawa yake ni kuongeza paneli na wakati huo huo kuifunga spidi ya pampu, jambo ambalo wengi huliona kinyume. Kusukuma lita 6,000 kwa saa kunahitaji kama kilowati 2 tu. Ukiweka paneli 14 za wati 450, badala ya zile 10 au 11 ambazo hesabu ya wastani ingekupa, na ukakiambia kidhibiti kisipite lita 6,000 kwa saa, pampu inafika kiwango hicho karibu saa 2 asubuhi na inakaa hapo hapo hadi saa 10 jioni. Saa nane mara lita 6,000 ni lita 48,000, na zinazobaki zinapatikana pembezoni mwa siku. Nguvu ya mchana inayobaki inapotea, na iachwe ipotee. Paneli zimeshuka bei kiasi kwamba kupoteza jua la saa 6 ni rahisi kuliko kulihifadhi. Baadhi ya mafundi wanageuza nusu ya paneli kidogo kuelekea mashariki na nusu magharibi ili kurefusha siku zaidi. Ni wazo zuri.

Tangi lenyewe liwe kubwa kiasi gani? Kwa kijiji hiki ningeanzia matumizi ya siku moja, lita 50,000, na fedha ikiruhusu ningefika 75,000. Siku ya mawingu mazito pampu haitoi nusu wala robo kwa uwiano wa mwanga. Mwanga ukishuka sana pampu inazunguka, lakini haina nguvu ya kuyafikisha maji mita 65, kwa hiyo juu hakitoki kitu. Akiba ya siku ya pili ndiyo inayoondoa dizeli kabisa.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kununua urefu badala ya ujazo. Kamati inataka mnara mrefu ili maji yawe na presha vituo vya mbali. Lita 50,000 ni tani 50, na kila mita unayozipandisha inaongeza chuma, zege na msingi. Zaidi ya hapo, mita hiyo utailipia kila siku shimoni. Linganisha na bomba. Bomba la plastiki la milimita 50 likipitisha lita 70 kwa dakika linapoteza kama mita 16 za presha katika kilomita moja. La milimita 63 likipitisha maji hayo hayo linapoteza mita 5 tu. Yaani kuongeza bomba saizi moja kunakupa presha ile ile ambayo mnara ungekupa kwa kuongezwa zaidi ya mita 10. Kama kuna kilima karibu na kijiji, jenga tangi la mawe juu yake, likae moja kwa moja ardhini, usahau habari ya mnara.

Tangi nalo linavuja, kama betri inavyoisha hata isipotumika. Tofauti ni kwamba uvujaji wake mtu yeyote anaweza kuuona. Matangi mengi ya zege yana kipimo cha kamba: boya liko ndani, kamba inapita juu ya ukingo, na nje kuna kijiwe au kipande cha chuma kinachoning'inia mbele ya namba zilizopakwa rangi. Kinasomwa kinyume, tangi likijaa kijiwe kinashuka chini. Mlinzi wa mradi akifunga valvu kuu ya kutolea maji usiku na kuandika namba, kisha akaisoma tena alfajiri kabla ya kufungua, anajua papo hapo tatizo liko wapi. Namba ikibadilika wakati valvu imefungwa, tangi lenyewe lina ufa au valvu imechoka. Isipobadilika, lakini usiku ambao valvu iko wazi namba inabadilika, kuna bomba lililopasuka au koki iliyoachwa wazi. Nimemwona mlinzi mwenye daftari la mistari miwili kwa siku akijua mengi kuhusu mradi kuliko mhandisi aliyekuja na kompyuta. Swichi ya boya inayozima pampu tangi likijaa nayo ikaguliwe. Waya wake ukikatika, ama tangi litafurika mchana kutwa, ama pampu haitawaka kabisa, kutegemea ilivyofungwa.

Umwagiliaji ni habari nyingine, na hapa natofautiana na wanaotaka tangi moja lifanye yote. Ekari moja ya nyanya au vitunguu wakati wa kiangazi inakunywa kama lita 20,000 kwa siku. Hayo ni maji ya watu 800. Kisima chetu cha lita 6,000 kwa saa kimeshamalizwa na wanakijiji, na ukifungulia shamba kutoka tangi lile, vituo vya mbali vitakauka kabla ya saa 4 asubuhi. Vile vile, kupandisha maji mita 65 ili uyamwage kwenye mche ni kuyapandisha bure.

Bustani itafutiwe maji ya karibu, kwa mfano kisima kifupi kando ya mto wa mchanga, ambako maji unayapata kwenye kina cha mita chache. Kuinua lita 20,000 kwa mita 15 kwa pampu ndogo kunakula kama uniti 2 tu, na paneli mbili za wati 450 zinazimudu, ningeweka tatu. Tangi la shamba nalo halihitaji mnara: kichuguu cha udongo ulioshindiliwa au jukwaa la matofali la mita 2 linatosha kwa mipira ya matone ya presha ndogo, mradi mistari isiwe mirefu na chujio lisafishwe. Halihitaji hata kubeba maji ya siku nzima, kwa sababu udongo wenyewe unahifadhi. Gawa ekari mara mbili, weka tangi la lita 10,000. Nusu ya kwanza inywe alfajiri maji yaliyojaa jana jioni, tangi lijazwe tena mchana, nusu ya pili inywe kuanzia saa 10 jioni, na jua la mwisho lijaze ya kesho kadiri litakavyoweza. Siku likishindwa kujaza, udongo wenye matandazo ya majani utavumilia hadi keshokutwa.