Gram ya maji ya mgongo: inasaidia wapi, inaangusha wapi

"Mgonjwa yeyote wa homa ya uti wa mgongo tunaanza naye seftriaksoni, na jibu la uhakika linatoka kwenye kuotesha bakteria maabara. Sasa hiyo Gram inatusaidia nini zaidi ya kutupotezea muda?"

Dawa haisubiri slaidi, hapo niko na wewe kabisa, mtu shingo imekaza na anaweweseka unamchoma sindano kwanza mengine baadae. Ila Gram, yaani kuyapaka rangi maji ya mgongo na kuwatafuta bakteria kwa darubini, haikuwekwa pale kuamua kama uanze dawa, kazi yake ni nini kinafuata, na nitaeleza kwa mgonjwa niliyemsoma mwenyewe maabara.

Kijana wa miaka 17, anakaa bweni, kaletwa saa 4 usiku. Kule alikotoka walishamchoma seftriaksoni tangu mchana, wakafanya vizuri. Maji yake ya mgongo yalikuja na ukungu kama yale ya kuoshea mchele. Nikayazungusha kwenye sentrifuji, nikachukua tone la kile kilichotuama chini, nikaacha likauke, kristali vayoleti dakika 1, iodini dakika 1, asetoni sekunde chache tu, mwisho safranini. Haikufika nusu saa niko kwenye lenzi ya mafuta naona seli nyeupe zimejaa, na ndani ya zile seli kuna vidoti vya pinki viwili viwili, kama punje mbili za maharage zimegeuziana matumbo. Huyo ni bakteria anayeitwa meningokokasi.

Nikapiga simu wodini palepale. Dawa haikubadilika, ni ileile, lakini kijana alitengwa kwa saa 24 za mwanzo na wenzake wanaolala karibu naye wakapewa siprofloksasini miligramu 500 dozi moja usiku uleule. Meningokokasi anarukia watu wa karibu na hatari kubwa iko siku zile za mwanzo, kungoja kuotesha ni kungoja siku 2. Na kuotesha kwenyewe hakukutoa kitu! Sindano ya mchana ilishawaua, hawa wakipata seftriaksoni ndani ya saa chache tu hawaoti tena, ila mfu bado anashika rangi kwa muda, ndo maana slaidi iliwaona.

Ingekuwa vidoti vya zambarau viwili viwili vilivyochongoka kama ncha ya mkuki, huyo ni pneumokokasi, habari nyingine kabisa. Wa bwenini hawahitaji dawa, mgonjwa anaenda siku 10 mpaka 14 badala ya 7, na masikio yake yanafuatiliwa maana huyu mdudu anaacha viziwi wengi.

Sasa upande wako. Gram inaona mdudu kwa kati ya 60 na 90 kwa kila wagonjwa 100 wenye bakteria kweli, na tofauti hiyo inatokana sana na wingi wao. Wakiwa laki 1 kwenye mililita moja karibu kila slaidi inawaonyesha, wakishuka chini ya elfu 1 utawaona kwa mmoja tu kati ya wanne. Listeria ndo mbaya zaidi, anakuja kwa uchache, anapenda wazee, wajawazito na vichanga, na seftriaksoni haimgusi, anataka ampisilini. Kwahiyo mzee wa miaka 70 slaidi yake ikiwa tupu afu mtu akaona basi seftriaksoni inatosha, hapo Gram imetumika vibaya. Na kifua kikuu haonekani kabisa kwa rangi hizi.

Afu kuna makosa yetu sisi wa maabara, lazima niseme. Asetoni ikikaa sekunde nyingi, pneumokokasi anapoteza zambarau anakuwa pinki, na mtu mwenye haraka anaandika meningokokasi. Mimi kila siku napaka pia slaidi ya wadudu ninaowajua, stafilokokasi na E. koli, stafilokokasi akitoka pinki najua nimeosha kupita kiasi. Kwenye slaidi ya mgonjwa naangalia viini vya seli nyeupe, vinatakiwa viwe pinki, vikibaki zambarau sijaosha vya kutosha. Na umbo nalitazama kabla sijaamini rangi, mkuki na maharage havifanani hata rangi ikikosea.

Kwa hiyo kwangu mizani haiko sawa pande zote. Ikionyesha mdudu, na imepakwa vizuri, karibu kamwe haidanganyi, fanyia kazi usiku huohuo. Isipoonyesha haijakwambia kitu, dawa ziendelee, angalia idadi ya seli na sukari, subiri kuotesha. Ndo maana nikikosa siandiki "hakuna bakteria", naandika "hawajaonekana", na pembeni naweka idadi ya seli nyeupe na kama mgonjwa alishachomwa dawa kabla.