Una shupaza tatu za mwenzio? Mwambie kwanza

Wachezaji wa briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, wa huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya hadi Iringa, wengi wamejifunzia nyumbani na si darasani, na inaonekana wazi kwenye mnada, yaani hatua ya kutaja madau kabla ya karata kuchezwa. Kucheza karata wanajua. Wanapopoteza ni pale mwenzi aliyefungua anaposema shupaza 1, na anayemjibu, mwenye shupaza 3 na pointi 7, anaamua kutaja pau zake kwa sababu ni nyingi. Msimamo wangu ni huu: ukiwa na karata 3 au zaidi za aina kubwa aliyofungua mwenzio, yaani kopa au shupaza, na mkono wako ni wa pointi 6 hadi 9, jibu lako ni 2 ya aina hiyohiyo. Usianze kutaja kitu kingine.

Tuanze na anachosema aliyefungua. Pointi tunazihesabu hivi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, na karata zote 52 zina pointi 40. Anayefungua kwa kopa 1 au shupaza 1 anaahidi mambo mawili kwa pamoja: pointi 12 hadi 21 hivi, na karata zisizopungua 5 za aina hiyo. Asiye na 5 hafungui kwa kopa wala shupaza. Anafungua kwa uru au pau, ile iliyo ndefu zaidi, hata kama pau zenyewe ni 3 tu. Wapo wanaofungua shupaza wakiwa nazo 4, na ni mfumo halali, lakini kwa watu wanaobadilishana wenzi kila wiki siupendekezi. Sababu ni hesabu. Turufu, yaani karata za aina inayozishinda nyingine zote, zinazofaa kwa watu wawili ni 8 kati ya 13. Mwenzio akiahidi 5, wewe unahitaji 3 tu na jibu umelipata papo hapo. Akiahidi 4, ukiwa na 3 hujui kama mna 7 au 8, na inabidi mtumie madau mengine mawili kuulizana.

Sasa tazama mkono huu wa aliyefungua. Shupaza: ree, malkia, 10, 7, 3. Kopa: mfalme, 5. Uru: ree, jeki, 9, 2. Pau: 8, 4. Ni pointi 14, na anasema shupaza 1. Mwenzi wake anazo hizi. Shupaza: mfalme, 8, 5. Kopa: 9, 7, 4. Uru: malkia, 10, 4. Pau: malkia, 7, 3, 2. Ni pointi 7.

Akijibu shupaza 2, amemwambia mwenzake: nina turufu zisizopungua 3, na pointi zangu ni 6 hadi 9. Aliyefungua hana tena cha kubuni. Anajumlisha 14 na 9, anapata 23, na kwa kawaida shupaza 4 ikiwa ndiyo mkataba, yaani dau la mwisho, inahitaji kama 25 kwa mikono miwili. Anapiga pasi. Mkataba wa shupaza 2 unadai raundi 8 kati ya 13, yaani 2 juu ya zile 6 za kuanzia. Turufu za wapinzani zikigawanyika 3 kwa 2 na bahati ikawakataa kila mahali pengine, watapoteza pau 2, kopa 2 na uru 1. Zinabaki raundi 8 kamili. Ree ya kopa au mfalme wa uru akikaa upande mzuri, wanapata 9 au hata 10.

Mwache sasa mjibuji yuleyule aseme pau 2, kwa kuwa pau anazo 4. Hapo ndipo mnada unapoharibika. Kutaja aina mpya kwenye ngazi ya 2 ni ahadi ya pointi 10 au zaidi, na mwenzi haruhusiwi kupiga pasi. Aliyefungua anasema uru 2. Mjibuji anarudi shupaza 2, akidhani amejirekebisha. Hajajirekebisha: mwenzake bado anamhesabia pointi 10 au 11, anaongeza hadi 3, pengine anaruka hadi 4, na mkataba unaanguka kwa karata ambazo zingetosha vizuri kwa 2. Ni sawa na gunia la viazi lililoandikwa kilo 100 wakati ndani mna 70. Mnunuzi amepanga bei kwa maandishi.

Wengi huuliza: kwa nini tusiende 3 tu, maana raundi 9 zinaweza kupatikana? Angalia alama. Shupaza 2 ukipata raundi 9 unaandikiwa 140. Shupaza 3 ukipata raundi 9 unaandikiwa 140 ileile. Hakuna nyongeza yoyote ya kupanda kutoka 2 hadi 3; kilichoongezeka ni hatari ya kuanguka. Kwa hiyo dau la 3 katika aina mliyokwisha kukubaliana lina maana moja tu, ambayo ni mwaliko. Faida kubwa iko kwenye 4: 420 kama hamjawa hatarini, 620 mkiwa hatarini, hali inayokuza tuzo na adhabu za mkono huo. Aliyefungua akisikia shupaza 2 na ana pointi 16 hadi 18, anasema 3, na mwenzake mwenye 8 au 9 anakubali kwa kusema 4, mwenye 6 au 7 anapiga pasi. Akiwa na 19 au zaidi anakwenda 4 mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Mjibuji mwenye pointi 10 hadi 12 na turufu 4 ndiye anayeruka moja kwa moja hadi shupaza 3. Hapa ufupi wa aina nyingine unaingia kwenye hesabu. Ukiwa na turufu 4 na huna kabisa karata za aina moja, jiongezee 5. Ukiwa nayo 1, jiongezee 3. Ukiwa nazo 2, jiongezee 1. Hivyo mkono wa pointi 7 wenye shupaza 4 na uru 1 tu unageuka kuwa wa 10, na dau lake ni 3. Nyongeza hii inaanza kuhesabiwa baada ya kujua kwamba turufu zimepatana. Kabla ya hapo karata moja ya uru si nguvu, hasa mwenzio akiwa amefungua kwa uru.

Kuna dau moja linalowachanganya hata wazoefu. Kuruka toka shupaza 1 hadi 4 si ishara ya mkono mkubwa. Ni turufu 5, pointi chache, na aina nyingine fupi. Lengo ni kuwazibia wapinzani nafasi ya kutajiana kopa zao. Mwenye pointi 13 na zaidi hafanyi hivyo. Yeye anataja kwanza aina mpya, ambayo mwenzake hawezi kuiacha, kisha anakuja kwenye shupaza 4, na kwa njia hiyo anaacha mlango wazi kama mwenzake ana mkono wa kwenda mbali zaidi.

Yote haya ni makubaliano ya wazi, na mpinzani akiuliza shupaza 2 ina maana gani, mwenzi wa aliyeitaja anamweleza kikamilifu. Kusita, kupandisha sauti au kuweka kadi ya dau kwa kishindo si lugha ya mnada, na sheria inakataza kuvitumia kupashana habari.

Mpinzani akiingilia katikati, tuseme kwa kopa 2 baada ya shupaza 1, shupaza 2 inabaki na maana ileile ya turufu 3 na pointi 6 hadi 9. Mwenye 10 au zaidi na turufu anataja kopa 3, yaani aina ya mpinzani mwenyewe. Kwa kuwa hakuna anayetaka kweli kucheza kopa hizo, mwenzi anaelewa kwamba shupaza zipo na nguvu ipo, na shupaza 3 inabaki kwa mkono dhaifu wenye turufu 4.